Nyasi, majani ya mpunga au nailoni nyeusi: tazama kwanza maji yanafikaje kwenye tuta

Mtu akiniuliza atandaze nini kwenye matuta yake ya mboga wakati wa ukame, namuuliza kwanza anamwagilia kwa nini. Kwa keni? Kwa mfereji? Kwa mipira ya matone, yaani dripu? Wengi hushangaa, kwa sababu walitarajia niwatajie kitu kimoja kilicho bora kuliko vingine. Lakini nyasi, majani ya mpunga na nailoni nyeusi vyote huzuia jua na upepo visinyonye maji ya ardhini. Tofauti yao kubwa ni namna kila kimoja kinavyoyapokea maji unayoyaleta wewe mwenyewe. Ukikosea hapo, utanunua kitu kizuri na mboga zako zitakufa kiu juu ya tuta lililofunikwa vizuri.

Nalima huku chini ya Moshi, kwenye tambarare ambayo mlima unaonekana kila asubuhi lakini mvua zake hazitufikii ipasavyo. Masika yakikatika mwezi Mei, huwa hatutegemei mvua ya maana hadi vuli. Tuna vipindi viwili vya ukavu, na havifanani. Kipupwe cha Juni hadi Agosti ni kikavu lakini kina ubaridi, hasa usiku. Januari na Februari ni kukavu na joto kali, na upepo wa mchana unakausha hadi nguo nzito kwenye kamba kwa muda mfupi. Naomba msomaji ashike tofauti hiyo, maana nitairudia nikifika kwenye nailoni.

Kwanza tuelewane maji yanapotea wapi. Tuta likishalowa, maji yana njia mbili za kuondoka juu: yanapaa kutoka kwenye udongo wenyewe, au yanapita kwenye mmea na kutokea kwenye majani. Ile ya pili huwezi kuizuia wala hutaki kuizuia, kwa kuwa ndiyo mmea unavyoishi. Matandazo yanapigana na ile ya kwanza tu. Miche ya nyanya ikiwa na wiki mbili shambani, majani yake yanafunika sehemu ndogo sana ya tuta, kwa hiyo sehemu kubwa ya maji yanayopotea inatoka kwenye udongo ulio wazi. Nyanya zikishafunga, udongo uko kivulini na maji mengi yanapita kwenye mmea. Ndiyo maana kufunika tuta mapema kunalipa kuliko kufunika wakati mimea imeshakuwa mikubwa na umeanza kuona majani yanalegea mchana.

Jambo la pili ni kwamba udongo hupoteza maji kwa kasi sana siku ya kwanza na ya pili baada ya kumwagilia, wakati uso wake bado umelowa. Uso ukishakauka, lile tabaka kavu la juu linakuwa kizuizi lenyewe na kasi inashuka. Anayemwagilia kidogo kidogo kila siku anaulowesha uso huo upya kila siku, na kila siku anaulipa ule mvuke wa mwanzo. Huyu ndiye matandazo yangemfaa kuliko wote, na huyu huyu ndiye anayeyatumia vibaya kuliko wote. Nieleze kwa nini, nikianza na majani ya mpunga.

Huku kwetu majani ya mpunga yako karibu. Vijiji vya Mabogini, Chekereni na Oria viko kwenye skimu ya umwagiliaji iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, na baada ya kupura mpunga majani hubaki majarubani kwa marundo. Shida ni kwamba si wewe peke yako unayeyataka. Watu wa mlimani hushuka na magari kuyapakia kwa ajili ya ng'ombe wao wa zizini, na kiangazi kikikolea bei yake inapanda kwa sababu malisho mengine yamekwisha. Anayetaka ya kutandaza ayanunue wakati wa mavuno na kuyaweka mahali pakavu, maana akingoja Oktoba atakuwa anashindana na ng'ombe wa maziwa.

Ni matandazo mazuri sana. Ni meupe, yanarudisha mwanga, na udongo chini yake unabaki na ubaridi hata saa nane mchana. Yanachelewa kuoza, kwa hiyo tabaka uliloweka wakati wa kupandikiza linaweza kukufikisha kwenye mavuno ukiliongezea mara moja tu. Sasa tuchukue tuta moja la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, na tulifunike inavyotakiwa, karibu kilo 1 ya majani makavu kwa kila mita ya mraba. Hizo ni kilo 10, tabaka linalofika kama sentimita 8 hadi 10 kabla halijashikana. Majani haya yakilowa yanaweza kushika maji mara mbili ya uzito wake, pengine zaidi. Kwa hiyo matandazo ya tuta hilo yana uwezo wa kushika lita 20.

Sasa mwagilia kama tulivyozoea, keni ya lita 10 asubuhi na nyingine jioni, ukinyunyiza juu juu. Lita 20 zote ulizobeba kutoka kisimani ndicho kiasi ambacho majani yenyewe yanaweza kukinywa. Baadhi zitapenya, hasa pale majani yalipokaa machache, lakini nyingi zitabaki juu na kufikia saa sita mchana zimeshapaa. Ukitazama utaona matandazo yamelowa vizuri, na utaamini umemwagilia. Ingiza mkono chini yake hadi kwenye udongo, chimba kidogo kwa vidole, utakuta vumbi.

Jirani yangu mmoja, dada anayelima hoho na nyanya chungu, alinipitia kuniambia kwamba majani ya mpunga yanaua mboga. "Kaka, nilipokuwa sijaweka kitu zilikuwa zinasimama. Nimefunika, zinalala." Tulikwenda pamoja tukafunua sehemu ya kiganja kimoja. Juu majani yalikuwa na maji, chini udongo umepasuka. Hakuwa amefanya jambo la ajabu, alikuwa anaendelea na keni zake zile zile mbili. Tulibadilisha kitu kimoja tu: akatoa kile kichwa cha matundu kwenye keni, akawa anapenyeza mdomo wake chini ya majani na kumimina kwenye shina, mche mmoja baada ya mwingine, na badala ya lita 20 kila siku akawa anaweka kama lita 60 kila baada ya siku tatu. Maji ni yale yale. Hoho zilisimama.

Kipimo hicho cha siku tatu ni cha udongo wetu wa mfinyanzi uliochanganyika na mchanga kidogo. Kwenye mchanga mtupu lita 60 kwa mkupuo zitazama chini ya mizizi, kwa hiyo huko utagawa mara mbili. Pia si kipimo cha mimea mikubwa. Nyanya zilizofunga, kwenye joto, zinaweza kuhitaji kama milimita 5 kwa siku, na kila milimita 1 ni lita 1 kwa mita ya mraba. Kwa tuta letu hiyo ni lita 50 kwa siku, liwe limefunikwa au la, kwa sababu hapo ni mmea unaokunywa.

Mfereji una habari yake. Ukiyatandaza majani ya mpunga hadi kwenye mfereji, maji yanayaelesha, yanayapeleka mwisho na kuziba njia. Yaweke juu ya tuta tu, na acha mfereji mtupu.

Nyasi zinafanya kazi hiyo hiyo, ila kila kitu kinategemea ni nyasi gani na umezikata lini. Hizi ndizo ninazozitumia zaidi kuliko zote, kwa sababu hazina bei, na kwa sababu zinaoza haraka na kuulisha udongo. Nyasi ndefu za kando ya barabara na za mipakani, zikikatwa kabla hazijatoa mbegu, ni bora. Matete yakikatwa machanga na kupasuliwa yanafaa pia. Nisichokigusa ni ukoka na sangari. Ukoka una pingili zinazotambaa, na kila kipande ukikiweka juu ya udongo wenye unyevu kinatoa mizizi. Sangari inafanya hivyo kwa vijiti vyake vya chini ya ardhi, ukiing'oa navyo. Mtu anayetandaza ukoka mbichi kwenye tuta la mboga anaupandikiza, na ataupalilia miaka.

Mbegu nazo zinajulikana kwa mkono. Shika suke, lisugue kiganjani. Zikidondoka punje ngumu, nyasi hizo zipeleke zizini au kwenye mboji, zisifike bustanini. Na usiulize ziko wapi tu, uliza pia zilinyunyiziwa nini. Zipo dawa za kuua magugu ya majani mapana ambazo hazidhuru nyasi lakini hubaki ndani yake, na nyanya na maharage huathirika kwa kiasi kidogo sana cha dawa hizo: majani mapya yanajikunja na kuwa membamba kama yamesokotwa. Nikipata nyasi au majani kutoka shamba nisilolijua, naloweka kiasi kwenye ndoo, natumia maji yale kumwagilia maharage niliyootesha kwenye kopo, na kopo lingine namwagilia maji ya kawaida ili nilinganishe. Majani ya kwanza na ya pili yakitoka sawa kwenye makopo yote mawili, naendelea.

Nyasi mbichi zisiwekwe nene. Zikirundikwa zikiwa na maji yake zinapata joto, zinateleza na kushikana kama mkeka, na chini yake hewa haipiti. Zianike siku mbili tatu, zigeuze, ndipo uzitandaze sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina. Nafasi hiyo ni ya lazima kwenye ukavu kwa sababu ya mchwa. Mchwa watakuja, hilo halina mjadala. Nyasi kavu ni chakula chao. Wakila nyasi sina ugomvi nao. Ninachokagua kila ninapopalilia ni shina: nikiona udongo umepandishwa kama mfereji mdogo kwenye gome, naondoa matandazo ya sehemu ile yote, navunja vile vijia vyao, na kumwagilia hapo vizuri. Mwenye shamba lenye kichuguu hatua chache kutoka kwenye matuta, kwa kweli nyasi kavu si chaguo lake.

Ubaya mkubwa wa nyasi ni kwamba zinakwisha. Tabaka la sentimita 8 linashuka hadi nusu ndani ya wiki chache, na udongo ukianza kuonekana kati ya nyasi, umesharudi kwenye tuta lisilofunikwa. Kwa hiyo hesabu yake si ya kukata mara moja. Ni kukata mara tatu au nne kwa msimu, na kufikia Septemba nyasi zenyewe zimeisha njiani au zimeliwa na mbuzi. Kwenye eneo dogo la nyumbani inawezekana. Kwenye robo eka, mtu mmoja hataweza.

Hapo ndipo nailoni nyeusi inapoingia, na sitaki kuibeza. Mwongozo namba 56 wa FAO wa mwaka 1998, ambao mabwana shamba wengi wa umwagiliaji huutumia kukokotoa maji ya mazao, unasema matandazo ya plastiki hupunguza maji yanayopaa kutoka kwenye udongo kwa asilimia 50 hadi 80. Lakini mwongozo huo huo unaeleza kwamba mmea wenyewe unaweza kunywa asilimia 10 hadi 30 zaidi, kwa sababu plastiki inakamata joto na kulirudisha kwenye majani. Ukijumlisha yote, mahitaji ya maji ya zao yanashuka kwa wastani wa asilimia 10 hadi 30. Ni akiba kubwa, ila si ile ambayo wauzaji wengine wanaahidi.

Nailoni haipitishi maji hata tone. Anayemwagilia kwa keni asiinunue, kwa sababu atakuwa anamimina kwenye tundu la mche, na maji mengi yatateremka pembeni. Kwa mfereji inawezekana kama udongo ni mzito na tuta ni jembamba, kwa sababu maji hujipenyeza kutoka ubavuni. Kwenye mchanga yanazama moja kwa moja na katikati ya tuta panabaki pakavu. Mahali pake hasa ni juu ya dripu. Mpira mmoja wenye matundu kila sentimita 30 una matundu kama 33 kwenye tuta la mita 10. Kila tundu likitoa lita 1.5 kwa saa, saa moja inakupa karibu lita 50, zile zile tulizozihesabu kwa nyanya kubwa.

Kuitandika kunataka utaratibu. Roli zinazopatikana madukani mara nyingi zina upana wa mita 1.2. Ukifukia sentimita 15 kila upande inabaki sentimita 90, na hizo lazima zifunike juu na mabega ya tuta, kwa hiyo sehemu ya kupandia isizidi sentimita 70 hivi. Weka mbolea kwanza, vunja mabonge yote, sawazisha kwa ubao, laza mipira ya dripu matundu yakitazama juu, fungua maji na uhakikishe kila tundu linatoa. Ukishafunika hutaona tena. Lowesha tuta vizuri kabla, na tandika wakati wa jua, nailoni ikiwa imelegea kwa joto. Jioni ikipoa itajikaza na kulala kwenye udongo. Ikibaki na hewa chini itapigwa na upepo hadi ichanike.

Matundu ya miche usiyakate kwa kisu. Kisu kinaacha kingo zenye ncha, na mpasuko unaanzia hapo. Kinachofanya kazi ni kopo tupu la bati lenye mkono wa waya, kipenyo kama cha glasi ya chai, ndani limetiwa makaa ya moto. Ukiligusisha kwenye nailoni sekunde moja linaacha duara safi ambalo kingo zake zimeyeyuka na kuwa nene kidogo, na haziendelei kuchanika.

Sasa joto. Nailoni nyeusi kwenye jua la mchana inaweza kupita nyuzijoto 50 juu yake, na hewa ya moto iliyo chini inatafuta pa kutokea. Panapopatikana ni kwenye tundu la mche. Mche mchanga uliopandwa asubuhi ukaegemea ukingo wa tundu, jioni utaukuta na mkanda wa kahawia umezunguka shina, kisha unaanguka pale pale. Watu hudhani ni ugonjwa wa kinyausi au ni sota amekata. Ukiuangalia kwa karibu, kidonda kiko usawa wa nailoni kabisa, kikavu, na mizizi iliyo chini ni mizima. Dawa yake ni kupanda jioni, kusimamisha mche katikati ya tundu, na kuweka konzi moja ya udongo kuzunguka shina ili kuziba tundu lote.

Hapo ndipo vile vipindi viwili vya ukavu vinapotengana. Kwenye kipupwe nailoni nyeusi ni nzuri kabisa: usiku una ubaridi, udongo unapata joto kidogo, na nyanya zilizopandikizwa Juni zinaanza kwa kasi kuliko zilizo kwenye majani ya mpunga, ambayo yanaushikilia ubaridi. Kwa Januari na Februari sishauri nailoni nyeusi tupu kwenye tambarare. Mwenye nayo tayari atandaze nyasi nyembamba juu yake hadi mimea ifunge kivuli. Anayenunua upya atafute ile yenye upande mmoja wa fedha na mwingine mweusi, aweke fedha juu. Upande huo unarudisha joto, na mwanga wake unawasumbua inzi weupe na vidukari wasitue kirahisi.

Magugu karibu yote yanakufa chini ya nailoni, isipokuwa ndago. Ndago ina ncha kama sindano, inatoboa na kutokea juu kana kwamba hakuna kitu. Shamba lenye ndago lishughulikiwe kabla, vinginevyo ndani ya mwezi roli lako lina matundu kila mahali. Na tundu la dripu likiziba chini ya nailoni utalijua kwa kuchelewa: mmea mmoja unalegea asubuhi na mapema, wakati wenzake wamesimama. Kulegea saa nane mchana si hoja, hata mmea wenye maji hulegea kidogo kwenye jua kali. Kulegea saa moja asubuhi ni kiu, au ni mizizi iliyoharibika. Fungua maji, weka kiganja juu ya nailoni karibu na mmea huo, usikilize kama kuna ubaridi wa maji unaopanda.

Kwa hiyo mimi nimegawa. Nyanya na hoho za kipupwe zinakaa kwenye nailoni na dripu. Hoho, biringanya na sukuma wiki za kipindi cha joto zinakaa kwenye majani ya mpunga, nikimwagilia chini ya majani kwa mpira. Nyasi ni za matuta ya karibu na nyumba, ambako naweza kuziongeza kila zinapopungua. Karoti na mchicha wa kusia sifuniki kwa nailoni kamwe. Naweka nyasi nyembamba hadi mbegu zichipue, kisha naziondoa jioni na kuzilaza katikati ya mistari.

Msimu ukiisha, nailoni itolewe kabla haijakauka na kuanza kumeguka mkononi, kwa maana vipande vinavyobaki udongoni havitoki tena. Fungua kwanza udongo wa pembeni kwa jembe, kata mimea usawa wa ardhi, kisha viringisha taratibu watu wawili, mmoja kila upande. Ikiwa nzima inakaa msimu wa pili kwenye zao lenye nafasi ile ile. Majani ya mpunga yaliyobaki usiyalimie chini ukapanda siku hiyo hiyo, kwa sababu yakichanganyika na udongo vijidudu vinavyoyaozesha vinachukua naitrojeni na zao linalofuata linakuwa la njano kuanzia majani ya chini. Yakusanye kwenye mboji pamoja na samadi, au yasogeze pembeni, panda, kisha uyarudishe juu.